Betri ya 650 iliyokufa Marafa

Gari lenyewe ni Hiace ya dizeli, injini ya lita 3, inayobeba wageni wa hoteli za Malindi na Watamu. Asubuhi inawapeleka Gede kuona magofu, na alasiri inapanda Marafa, kwenye yale mabonde ya udongo mwekundu ambayo wenyeji wanayaita Nyari. Mwenye gari ndiye dereva. Mwezi wa Julai, betri ya zamani ilipomchosha, alinunua mpya kwenye duka moja hapa mjini. Alichagua iliyoandikwa 650 kwa tarakimu kubwa kuliko jina la kiwanda, akaiacha ya pembeni yake iliyoandikwa 520, na akaongeza kama shilingi 2,000 kwa sababu ya tofauti hiyo. Kufikia Disemba, wageni wakiwa wamejaa, betri ilikuwa haiwezi kuwasha gari jioni. Ilishindwa mara mbili hukohuko Marafa, giza limeshaingia, na vijana wa kijijini wakalisukuma gari hadi likawaka.

Alipoliteremsha kwangu alikuwa na shitaka moja tu: "Fundi, niliuziwa betri feki."

Haikuwa feki. Ilikuwa betri halali iliyonunuliwa kwa kusoma namba isiyohusika na kazi yake, na hata hiyo namba yenyewe haikuwa ile aliyodhani ni hiyo. Kisa hiki nakieleza kwa urefu kwa sababu betri hizo mbili zilikuwa zimekaa pamoja rafu moja, umbo moja, na lebo zote mbili zilisema kweli.

Nianze na nilichokiona. Kabla ya kuilaumu betri huwa napima nyaya, maana hapa pwani chumvi ya bahari inakula shaba kimyakimya. Stata ikivuta ampea 200, waya wa ethi ulioota kutu ukiwa na ukinzani wa sehemu tano tu kati ya elfu za omu, unapoteza volti 1 nzima njiani, na dereva ataapa kwamba betri imekufa. Basi nikaweka mita kwenye vichwa vya betri vyenyewe, kwenye risasi, siyo kwenye vibanio vya waya. Nikamwambia apige stata. Volti zikaanguka hadi 7 na pointi, na stata ikawa inasema tik-tik-tik bila kuzungusha injini. Kama mita kwenye risasi ingebaki juu ya 10 huku stata haizunguki, ningefuata nyaya au stata yenyewe. Ikianguka palepale kwenye betri, tatizo liko ndani ya betri, ama imekwisha chaji ama imechakaa. Ipi kati ya hizo mbili, huwezi kujua kabla hujaichaji ikajaa.

Niliiacha kwenye chaja usiku kucha, kisha nikaitoa ikapumzika saa kadhaa. Betri nzima ya asidi iliyojaa hupumzika kwenye volti 12.6 au 12.7. Hii ilitulia 12.4. Nikaifunga kwenye kipimo cha betri, kile kidogo cha mkononi ambacho hakivuti moto mwingi bali kinapima jinsi umeme unavyopita ndani ya pleti, halafu kinakadiria nguvu iliyobaki. Kikasema 300.

Hapo ndipo lebo inapoingia. Mia tatu kati ya ngapi? Kipimo hakijui. Ni wewe unayekiambia betri ilizaliwa na ngapi, na kwa kanuni gani. Dereva alikuwa ameshaipeleka kwa fundi mwingine mwezi wa Oktoba. Yule fundi akaingiza 650 na kuchagua CCA, kanuni ya kupima nguvu ya kuwasha kwenye baridi, na kipimo kikamwambia betri ibadilishwe. Alipoirudisha dukani, muuzaji akaipima kwa namba nyingine akamwambia ni nzima. Wote wawili walikuwa na vipimo vizuri. Fundi wa kwanza ndiye aliyeingiza namba ya kanuni moja kwenye nafasi ya kanuni nyingine.

Niliifuta lebo vumbi nikaisoma tena pamoja na mwenyewe. Ile 650 kubwa ilifuatwa na herufi mbili: CA. Chini yake, kwa maandishi ambayo mimi nayahitajia miwani, pameandikwa 520 CCA, 60Ah, RC 95. Na ile betri aliyoiacha rafuni, ambayo nilikwenda kuiangalia baadaye, iliandikwa 520 CCA, 70Ah, RC 118. Yaani kwa kuwasha kwenye baridi zilikuwa sawasawa kabisa. Kiwanda kimoja kiliamua kuandika mbele namba inayopendeza, kingine kikaandika ile ya chini.

CCA ni ampea ambazo betri iliyojaa inaweza kuzitoa kwa sekunde 30 mfululizo ikiwa imepozwa hadi nyuzi 18 chini ya sifuri, na muda wote huo isishuke chini ya volti 7.2. Hii ndiyo kanuni ya Kimarekani. CA ni mtihani uleule, sekunde zilezile na volti zilezile, ila betri imepozwa hadi sifuri tu. Kwa kuwa baridi ndiyo inayozuia kemia isiende mbio, mtihani rahisi unatoa namba kubwa zaidi, na kwa kawaida CA huizidi CCA kwa kama robo. Ukigawa 650 kwa 1.25 unapata 520. Hakuna aliyedanganya. Kuna pia kanuni za Kizungu, EN na DIN, zenye sekunde na volti tofauti, na betri moja hiyohiyo ukiipima kwa DIN itatoka na namba ndogo sana kuliko ya EN. Kwa hiyo namba mbili za kuwashia hazilinganishwi mpaka herufi zilizo pembeni yake zifanane. Namba isiyo na herufi yoyote mimi naihesabu kama pambo.

Sasa swali la haki: nyuzi 18 chini ya sifuri, Malindi? Friji ya kugandisha samaki ndiyo iko hivyo. Usiku wa baridi kabisa wa Julai hapa bado watu wanalala na feni. Betri ya asidi iliyo kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri ina takribani asilimia 40 tu ya nguvu iliyo nayo kwenye nyuzi 27 juu. Geuza upande wa pili: betri ya 520 CCA, ikiwa mpya na imejaa, kwenye joto letu ina uwezo wa kusukuma ampea nyingi zaidi ya hizo 520. Na injini nayo haidai sana, kwa sababu oili kwenye joto hili ni nyepesi, haikamati pistoni kama inavyokamata huko theluji inakoanguka. Stata ya Hiace hii ni ya kilowati 2. Ikizunguka na volti 10 hivi, hiyo ni kama ampea 200, na ule mshtuko wa kwanza kabla haijaanza kuzunguka ni zaidi ya hapo. Dizeli haina msaada wa cheche, inategemea mgandamizo, kwa hiyo ni lazima izungushwe kwa kasi. Ndiyo maana huwezi kuiwekea betri ya Vitz ukategemea ikupeleke. Lakini mia tano ishirini ilitosha na kubaki. Mia sita na hamsini, hata kama ingekuwa ya CCA kweli, isingemwongezea kitu Malindi.

Pamoja na hayo, CCA siyo namba ya kutupwa. Inaeleza jinsi mlango wa betri ulivyo mpana, na mlango huo unaziba kadiri betri inavyozeeka. Ukijua betri ilizaliwa na 520, ukaipima kila mwaka ikiwa imejaa, utaona 480, 430, 370, na utajua kabla hujaachwa barabarani. Hii yetu ilitoka 520 hadi 300 kwa miezi mitano. Huo siyo uzee. Kuna kitu kilikuwa kinaiua.

Nikamuuliza anafanya nini Marafa. Jibu lilikuwa refu, na ndani yake kulikuwa na kila kitu. Wageni wanapenda kufika wakati jua linaanza kulala, kwa sababu ndipo udongo ule unapowaka rangi. Wanashuka na kiongozi wao wa kijijini, wanazunguka bondeni, wanapiga picha, wanakaa juu kusubiri machweo. Gari linasubiri kama saa tatu. Injini imezimwa, kwa sababu dizeli ni ghali na wageni hawataki moshi. Lakini friji ndogo iliyochomekwa kwenye soketi ya sigara inaendelea, maana soda na maji lazima yawe baridi. Ufunguo uko kwenye ON ili feni ya ndani izunguke, kwa kuwa daima kuna mgeni mmoja aliyechoka aliyebaki kitini. Redio inaimba. Simu na betri za kamera zinachajiwa. Jua likizama, taa za ndani zinawashwa.

Tuliyawasha yote hapo uwani nikazungushia waya mkuu klampu ya kupimia ampea. Friji pekee ilivuta 4. Feni kwenye spidi ya kwanza karibu 4. Ufunguo wenyewe kuwa kwenye ON, na vile vitu vinavyoamka nao, 2. Redio, chaji za simu na taa za ndani zikagawana 3 zilizobaki. Jumla ampea 13. Mara saa tatu, hiyo ni ampea-saa 39 zilizochotwa gari likiwa limesimama.

Namba ya lebo inayojibu swali la namna hii ni RC. Ni dakika ambazo betri iliyojaa, kwenye joto la kawaida la nyuzi 25 hivi, inaweza kutoa ampea 25 bila kukatika mpaka ishuke volti 10.5. Ilibuniwa kwa ajili ya dereva ambaye alteneta yake imekufa usiku: taa kubwa, waipa na injini vinakula kama ampea 25, je, atafika? Chukua mtu aliyetoka Malindi kwenda Mombasa, kilomita 120 hivi, alteneta ikamfia akiwa Gede na msitu wa Arabuko-Sokoke uko mbele yake. Mwenye RC 95 ana saa moja na dakika thelathini na tano. Mwenye RC 118 ana karibu saa mbili. Wa kwanza atazimikiwa kabla ya kufika mjini, wa pili ana matumaini. Hapa baridi haina lolote la kusema. Hii ni akiba, na akiba ndiyo kazi ambayo Hiace hii iliifanya Marafa kila jioni.

Kuigeuza RC iwe kitu cha kuhesabika ni kazi ndogo: dakika mara 25, gawa kwa 60. Betri aliyonunua: 95 mara 25 gawa kwa 60, ni ampea-saa 39.6. Aliyoiacha: 118 kwa hesabu hiyohiyo, ni 49. Msomaji makini atauliza mbona lebo zinasema 60Ah na 70Ah, yaani ampea-saa 60 na 70. Zile 60 zimepimwa zikitolewa polepole kwa saa 20, ampea 3 tu kwa wakati. Betri ya asidi ukiikamua kwa nguvu inatoa kidogo, ukiikamua taratibu inatoa zaidi, kwa sababu asidi inahitaji muda kupenya ndani ya pleti. Mzigo wa ampea 13 uko katikati ya 3 na 25, kwa hiyo betri ya kwanza ingetoa kama ampea-saa 46 mpaka iishe kabisa, na ya pili kama 55.

Linganisha sasa na zile 39 alizochota. Kwenye betri aliyonunua, kila jioni alikuwa anaikausha zaidi ya asilimia 80. Kilichobaki hakitoshi kuzungusha dizeli, na ile tik-tik-tik ikatoka hapo. Na hesabu hiyo ni ya betri mpya iliyojaa, jambo ambalo baada ya wiki ya kwanza halikuwepo tena. Kutoka Marafa kurudi Malindi ni mwendo wa saa moja hivi. Njiani taa kubwa zimewashwa, eyasi inafanya kazi, friji bado imechomekwa. Alteneta inajaza haraka mwanzoni, lakini kadiri betri inavyokaribia kujaa inapokea kidogo kidogo, na ile sehemu ya tano ya mwisho inataka saa nyingi. Gari linalala halijajaa, asubuhi linakwenda Gede safari fupi, alasiri linapanda tena Marafa na akiba pungufu. Betri inayokaa bila kujaa inaota salfeti ngumu kwenye pleti, na inayokaushwa sana kila siku inapukutisha ule unga wa risasi unaofanya kazi. Vyote viwili vinafunga mlango nilioutaja, na ndiyo maana CCA nayo ikaanguka hadi 300 ingawa kosa halikuwa la kuwashia.

Hapa niongeze jambo ambalo wauzaji wengi hawapendi kulieleza, au hawalijui. Ndani ya kisanduku cha ukubwa mmoja, kiwanda kina nafasi ileile ya kupanga risasi. Akitaka namba kubwa ya kuwashia, anapanga pleti nyingi nyembamba, kwa sababu ampea za ghafla zinatoka kwenye uso wa pleti. Akitaka akiba, anahitaji risasi nyingi yenye unene. Betri bora za bei kubwa hupata vyote viwili kwa kujaza risasi zaidi, lakini kwenye bei ya kawaida kimoja hupanda kwa gharama ya kingine. Tena joto ndilo adui mkubwa wa betri za pwani, linakula vyuma vinavyoshikilia pleti na kukausha maji, na pleti nyembamba inaliwa upesi. Kwa mnunuzi wa Malindi, Kilifi au Mombasa ambaye CCA ya kitabu cha gari lake imeshatimia, kila ampea ya juu yake ni fedha iliyokwenda mahali pasipo na baridi.

Mizani husaidia pale lebo inaponyamaza, na betri nyingi madukani kwetu hazina RC kabisa, zina Ah na CCA tu. Za umbo moja, ile nzito zaidi kwa kawaida ina risasi zaidi. Nilipoziweka hizi mbili kwenye mizani ya muuza chuma chakavu jirani, yenye RC 118 iliizidi mwenzake kwa kilo kadhaa. Muuza chuma hakuhitaji lebo kujua ipi ana hamu nayo. Njia nyingine ni kuzidisha Ah ya saa 20 kwa 1.6 au 1.7, na utapata dakika za RC kwa makadirio. Sitini inakupa 96 hadi 102, sabini inakupa 112 hadi 119. Ikiwa Ah kwenye lebo imepimwa kwa saa 5, kama ilivyo kwenye baadhi ya betri za Kijapani, namba itaonekana ndogo na makadirio haya hayafai. Tafuta herufi zinazosema saa ngapi, zinaandikwa 20HR au 5HR.

Msimbo wa Kijapani nao unawachanganya watu, kwa hiyo niuguse kidogo. Betri zote mbili zilikuwa za umbo la D26. Herufi D ni kundi la upana na kimo, 26 ni urefu kwa sentimita karibu, na herufi ya mwisho, L au R, inasema vichwa vimekaa upande gani. Namba ya mbele, kama 75 au 80 au 90, ni daraja la ubora. Wengi wanaisoma kama ampea-saa. Siyo. Betri ya 75D26L haina 75Ah.

Nikarudi kwa dereva na hesabu kwenye karatasi. Alitegemea nimwambie anunue ile ya RC 118 na mambo yaishe. Nikamwonyesha kwamba hata hiyo, kwa mzigo wake wa 39 kila jioni, angeikausha asilimia 70. Siku nyingi ingewaka. Lakini betri ya kuwashia haikutengenezwa kukaushwa hivyo kila siku. Ingemfikisha mwaka pengine, badala ya miezi mitano. Namba kubwa ya RC inanunua nafasi, haiondoi mzigo.

Kwa hiyo tulianza na mzigo. Friji haina haja ya umeme gari likisimama: barafu ya wavuvi ikijazwa kwenye kasha lenye mfuniko mzuri inafika jioni na soda bado baridi, na kwa senti chache. Ampea 4 zikaondoka. Feni ikabadilishwa kwa kufungua milango upande wa kivuli, na mgeni aliyechoka akawekewa kiti nje chini ya mti. Ufunguo ukarudi ACC, na 6 nyingine zikaondoka pamoja na vitu vinavyoamka na ON. Zilizobaki ni redio, simu na taa. Taa za ndani tulizibadilisha za LED. Nilipopima tena, gari lililosimama lilivuta chini ya 3, na kwa saa tatu hizo ni ampea-saa 8 au 9. Mtu angeweza kusema hapo kwamba hata betri ya RC 95 ingetosha. Ni kweli, kama ingekuwa bado nzima.

Kuna njia ya pili niliyompa, akaikataa kwa sababu ya bei: betri ya pili, ya aina inayovumilia kukaushwa, ifungwe nyuma na kuunganishwa kwa relei inayotenganisha. Injini ikiwaka alteneta inazijaza zote mbili, ikizimwa friji na feni vinakula ya nyuma peke yake, na ya mbele inabaki imejaa kwa ajili ya stata. Kwenye betri ya namna hiyo huangalii CCA hata kidogo. Kwa gari la utalii linalosubiri kila siku, mimi ningelipia hiyo. Yeye alisema atafikiria Agosti, wageni wakirudi.

Akanunua ile ya 520 CCA, RC 118. Kabla hajalipa, nilimwomba muuzaji mita. Betri iliyokaa rafuni kwenye joto la duka la mabati inajimaliza yenyewe kidogo kidogo, na ikikaa miezi bila kuchajiwa inaanza kuota salfeti kabla hujaifunga kwenye gari. Ya kwanza iliyoletwa ilisoma 12.3, na stika yake ya tarehe ilikuwa ya mwaka uliopita. "Hiyo irudishe, kaka, tupe ya chini," nikamwambia. Ya pili ilisoma 12.6. Tukaingiza 520 kwenye kipimo, tukachagua CCA, kikatoa 548. Namba hiyo niliiandika kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa betri, pamoja na tarehe, ili fundi yeyote atakayeipima baadaye ajue ilianzia wapi na kwa kanuni ipi.

Jioni iliyofuata alikwenda Marafa na mita yangu. Alinipigia wageni wakiwa wanapanda gari: betri imesimama 12.5, na alipopiga stata mshale haukushuka chini ya 10.6. Ile ya zamani tuliirudisha dukani ikiwa imejaa chaji, tukawaonyesha 300 kati ya 520 kwa kipimo chao wenyewe. Walikataa kuibadilisha bure, wakisema dhamana haihusu betri iliyokaushwa, na kwa hilo sikuwa na hoja ya kuwapinga. Walimpunguzia tu kiasi kinacholingana na bei ya risasi chakavu.